Veli Ambayo Linet Hakuivaa

Wacha niseme mapema, usije ukanionea huruma bure: ile picha niliitengeneza mimi, Waceke, mchana kweupe, kwa mikono yangu hii miwili. Na niliitengeneza vizuri. Watu wakitaka kujua nani alimuumiza Linet, wanawataja masista, wanamtaja mamake, wanautaja ule ugonjwa. Mimi hakuna anayenitaja kwa sababu mimi ni rafiki. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguoni mwa Linet nilikuwa mimi.

Studio yetu iko gorofa ya kwanza hapa Eldoret mjini, juu ya duka la mbegu na dawa za mifugo, kwa hivyo wateja hupanda ngazi wakipiga chafya. Mwenyewe anaitwa Mbuthia. Tunapiga picha za pasipoti, tunachapisha mabango ya harusi na kalenda za makanisa, lakini kinachotulisha hasa ni programu za mazishi. Mimi nashika printa na mkasi. Linet Jerotich anashika kompyuta. Ukimletea picha ya babu iliyoliwa na mende nusu ya uso, anakurudishia babu mzima, tena na ile hasira yake machoni.

Ana miaka thelathini na moja, mwembamba, maneno yake unaweza kuyahesabu. Saa saba kamili humeza tembe zake na chai iliyopoa. Na kuna kazi moja ambayo hapa mjini hakuna anayemfikia: picha za watu wa dini. Parokia zinamtuma, nyumba za masista zinamtuma, hata kanisa la Kianglikana likiwa na kasisi mpya wanapanda ngazi kumtafuta yeye.

Siku moja mama mmoja wa Elgon View alileta picha ya mpwa wake shemasi, ambaye alikuwa karibu kupewa upadre. Alitaka bango kubwa la kutundikwa langoni, kijana upande mmoja na kanisa upande mwingine, lakini kijana alikuwa ametazama nje ya bango, ameligeuzia kanisa kisogo. Mbuthia akasema, "Si unaigeuza tu, Linet? Ni kubonyeza mara moja."

"Haigeuzwi," Linet akasema.

"Kwa nini?"

"Stola ya shemasi, ule ukanda mrefu, inakaa bega la kushoto, inateremka hadi ubavu wa kulia. Ukigeuza picha, itakaa bega la kulia. Kila padre atakayeingia kwa hilo lango ataona."

Akalihamisha kanisa upande ule mwingine, kijana akabaki na bega lake. Mbuthia akatikisa kichwa, akasema, "Wewe Sister, askofu mwenyewe hanisumbui hivi." Alikuwa anamwita Sister kwa mzaha, na wateja wakawa wanacheka. Linet hakuwa anacheka, lakini pia hakuwa anamkataza.

Tena kuna vijana wa chuo cha Chepkoilel waliokuja wakitaka rafiki yao, jamaa wa ndevu, avalishwe nguo za sista, ati ni birthday yake. Linet akawarudishia simu yao. "Hiyo nguo kuna mtu amelia siku ya kuivaa, na mwingine amelia siku ya kuivua," aliwaambia. "Nendeni kwingine." Wakaenda. Mbuthia akafoka mpaka jioni.

Yeye ndiye alinifundisha kompyuta na mambo ya nguo hizi, siku ambazo printa haikuwa na kazi. Usichukue nguo ya shirika hili ukaivisha sista wa shirika lile, kila shirika lina rangi yake na mshono wake. Msichana anayeanza hana veli. Mnovisi, aliye kwenye malezi kabla ya nadhiri, ana veli nyeupe. Katika shirika lile alilojua yeye, siku ya nadhiri za kwanza veli nyeupe inavuliwa, inavaliwa ya buluu nzito yenye utepe mweupe mbele, na sista anavishwa msalaba shingoni. Pete bado. Pete ni ya nadhiri za daima, miaka mingi baadaye, kidole cha pete mkono wa kushoto. Nilikuwa nasikiliza kama mtoto wa katekesimu, kumbe nilikuwa najifunza jinsi ya kumchinja.

Maana Linet aliwahi kuwa mnovisi. Kule kwao, ng'ambo ya Sugoi, alisindikizwa na kijiji kizima kwenda kwa masista. Mamake, Mama Kiplimo, alichinja ndume, akina mama wa jumuiya ya kanisa wakaimba hadi sauti zikakauka. Akakaa, akapewa veli nyeupe, akamaliza karibu miaka miwili ya unovisi. Ikabaki mwezi mmoja aweke nadhiri za kwanza, kifafa kikamwangusha kwenye kanisa dogo la konventi wakati wa masifu ya asubuhi. Wiki iliyofuata kikamwangusha tena. Wakubwa wa shirika wakakaa kikao, wakamwambia kwa upole kwamba Mungu anamwitia njia nyingine. Alikunja kanzu na veli akazirudisha, kwa sababu nguo si yako, ni ya shirika. Akapanda gari na sketi ya mitumba aliyopewa pale mlangoni.

Mamake alikutana naye langoni mwa boma. Hakumpa hata maji. Akamwambia, "Hapa usikanyage na kichwa wazi. Nimewaambia watu binti yangu ni sista. Unataka nile maneno yangu?"

Miaka sita Linet hajakanyaga. Kila mwezi anatuma sukari, sabuni na dawa za presha kwa mkono wa kakake. Mama Kiplimo anapokea, na anawaambia majirani kwamba konventi inamjali mzazi wa sista. Mimi niliposikia hilo mara ya kwanza nilitukana, na sitarudia hapa nilichosema.

Sasa, Jumatatu moja ya mwezi wa saba, huyo kaka akapanda ngazi zetu. Kiplimo ni mtu mkubwa wa mwili na mdogo wa roho. Alivua kofia, akaketi kwenye kiti cha wateja, akasema, "Linet, mama ni mgonjwa. Ni ini. Daktari amesema turudi naye nyumbani tu."

Linet aliacha mausi. "Nakuja leo."

"Ngoja." Akaizungusha ile kofia. "Jumamosi jumuiya wanakuja kusali, na padre atampaka mafuta. Mama anataka picha yako iwe ukutani. Ya sista. Anasema ukileta picha, utakuja umuone."

Linet alifungua faili moja kwenye kompyuta yake, iliyoandikwa Binafsi. Ilikuwa picha yake ya unovisi: veli nyeupe, uso wa mviringo, mikono imefumbatana kifuani. "Mpelekee hii. Hii ni ya kweli."

Kiplimo akaiangalia, akakunja uso. "Nyeupe? Miaka yote hii bado nyeupe? Watauliza kama ulirudia darasa."

"Basi waambieni sikumaliza."

"Mwambie mama mwenyewe."

"Si amenikataza kuja!"

Kiplimo akatoa simu, akampigia mama, akaweka sauti ya nje. Tulisikia pumzi kwanza, nzito, ya mtu anayevuta kamba. Linet akainama karibu na simu akasema, kwa Kiswahili kwa sababu lugha ya kwao ilimkataa, "Mama, ni mimi. Nikuje na kitambaa kichwani? Nitafunga vizuri, Mama. Nikuone tu."

"Mimi sina binti wa kitambaa cha sokoni," ile sauti ikasema. "Niko na binti sista." Simu ikakatika.

Nilimwambia Linet hapo hapo, "Kwani ni nini? Ni rangi tu. Dakika arobaini. Mgonjwa anataka kufa akifurahi."

"Waceke, nimevalisha watu wangapi hapa? Mia? Mia mbili? Kila mmoja alikuwa ameivaa kweli kabla sijamvalisha mimi. Mimi ile ya buluu sikupewa." Machozi yalikuwa yanateremka hadi kwenye kibodi. "Ile ni kitu nilichotaka kuliko vyote, na nikakikosa. Sasa nikiiba kwa kompyuta nitabaki na nini?"

Kiplimo akaondoka. Nilimfuata hadi chini, kwenye duka la mbegu, na nikamwambia arudi Jumatano saa sita na nusu. Hakuna aliyenituma. Niliona rafiki yangu anakosa mamake kwa sababu ya kitambaa, na nikajiona mwerevu. Penye nia pana njia, si ndivyo tunavyosema?

Jumatano Linet alienda kliniki kuchukua tembe zake, na huko foleni huwa ndefu. Nikaketi kwenye kiti chake. Neno la siri la kompyuta nalijua, ni jina la ng'ombe wao. Nikafungua ile ya Binafsi, nikanakili picha, nikaanza.

Kufanya kitu cheupe kiwe cha buluu nzito si rahisi kama watu wanavyodhani. Ukimwaga rangi tu, kitambaa kinakuwa bapa, kinafanana na karatasi iliyogundishwa. Nilizungushia veli mstari polepole, nikaufuata hadi kwenye bega, nikaacha utepe mweupe wa mbele bila kuugusa. Nikaweka buluu kwenye tabaka lake peke yake, juu ya picha, ili mikunjo ya kitambaa ionekane chini yake. Nikazidisha giza pale veli inapokunjika nyuma ya shingo. Msalaba niliupata kwenye picha ambayo masista wa shirika lile lile walituletea zamani kwa kalenda, nikauweka na kivuli chake kidogo kifuani. Halafu pete. Mikono ilikuwa imefumbatana na wa kushoto uko juu, kidole kinaonekana vizuri. Nikaweka pete nyembamba ya fedha, nikaizungusha ifuate mviringo wa kidole, nikapunguza mng'ao.

Nilipomaliza nilirudi nyuma hatua mbili, nikasema, "Ngai!" Alikuwa sista. Hakuna padre, hakuna mama mkubwa wa shirika ambaye angeona kasoro. Na nitasema ukweli ingawa unaniaibisha: nilifurahi. Nilijivunia. Nilichapisha kubwa, nikaitia kwenye fremu ya kioo, nikampa Kiplimo pale ngazini ikiwa imefungwa kwa gazeti.

"Usimwambie Linet nani aliitengeneza," nilimwambia.

"Sitasema kitu, mama," akanijibu, na kweli kusema si kazi yake.

Alhamisi asubuhi simu ya Linet ikalia. Ilikuwa Kiplimo. Mama anasema uje Jumamosi. Linet aliweka simu mezani taratibu, kisha akanirukia shingoni, mtu ambaye hata kwa salamu hutoa vidole vitatu. "Amelainika, Waceke! Mama amelainika! Nimeomba novena mbili!" Alicheka na kulia kwa pamoja. Mbuthia mwenyewe akatoka ofisini akasema pole pamoja na hongera, hakujua ipi ianze.

Ningemwambia pale. Mdomo ulifunguka kabisa. Lakini ile furaha sikuwahi kuiona kwake, na nikajiambia akishafika, akishashika mkono wa mamake, picha itakuwa kitu kidogo, atanisuta kidogo kisha tutacheka. Nikanyamaza. Kila siku namuomba Mungu anisamehe hilo zaidi ya picha yenyewe.

Ijumaa akasukwa nywele, mistari mizuri ya kurudi nyuma. Akanunua gauni la kijani lenye mikono mirefu. "Nataka anione kama nilivyo," aliniambia. Akaniomba nimsindikize, kwa sababu akipata mshtuko huenda ugonjwa ukamwangusha njiani. Nikaenda. Ningekataaje?

Bomani kulikuwa na turubai na viti vya plastiki, akina mama wa jumuiya na vitambaa vyao vya kichwa vya sare, na harufu ya chai ya maziwa ya kuchemka. Padre alikuwa amekwisha kumpaka mgonjwa mafuta na ameenda zake. Kiplimo alitupokea langoni lakini macho yake yalikuwa chini. Tukaingia sebuleni.

Picha ilikuwa ukutani, mkabala na mlango, juu ya kitambaa cha kufuma kwa uzi, rozari imening'inizwa kwenye kona ya fremu. Linet aliiona kabla hajamwona mamake. Alisimama. Aliisoma kutoka juu hadi chini kama anavyosoma kazi ya mtu mwingine: veli, utepe, msalaba, pete. Kisha akageuka akaniangalia mimi. Hakukuwa na hasira kwa macho yake. Natamani ingekuwepo.

Mama Kiplimo alikuwa amelala kwenye kochi, ameviringishwa blanketi, uso umekuwa wa manjano, tumbo limevimba. Linet akapiga magoti pembeni ya kochi. "Mama," akasema. "Mama, nimekuja."

Yule mama alimwangalia. Alimwangalia nywele, kila mstari, akaliangalia lile gauni la kijani. Alikuwa anamjua, usiniambie kwamba ugonjwa ulikuwa umemchukua akili. Mwenyekiti wa jumuiya, mama mmoja mnene mwenye roho nzuri, akainama na birika mkononi akauliza, "Mama Kiplimo, huyu ni nani? Mbona anafanana na Sister wetu?"

Mama Kiplimo akageuza macho hadi ukutani, yakakaa pale, yakalainika.

"Ni msichana wa studio," akasema. "Ndiye alileta picha."

"Ooh! Karibu, msichana, umefanya kazi nzuri!" akina mama wakasema, na mmoja akapiga kigelegele. Walimletea kiti na kikombe cha chai. Wakamwambia vile Sister alivyo mtoto wa baraka, vile konventi yake inavyotuma sukari kila mwezi. Mimi nilikuwa mlangoni, nikamtazama Kiplimo, nikangoja mwanamume aseme neno moja. Kiplimo alikuwa anaondoa tope kwenye kiatu kwa kijiti.

Nikasema, "Lakini huyu ndiye—"

"Waceke," Linet akasema. Taratibu tu.

Alishika kikombe hakukinywa. Baadaye mgonjwa akatoa mkono chini ya blanketi, akamwita kwa kidole, na Linet akasogea haraka sana, chai ikamwagika kwenye gauni. Mama akaushika mkono wake. Ndiyo, aliushika. Akasema, polepole, kila mtu akisikia, "Wewe wa studio. Ukimwona Sister huko mjini, mwambie mamake amemsamehe kwa kutokuja."

Linet aliangalia ule mkono uliomshika.

"Nitamwambia, Mama," akasema.

Kisha mamake akauachilia mkono, akageukia ukuta.

Njiani kurudi nilimwambia nisamehe mara sita, saba. Mara ya nane akasema, "Ulitaka kunisaidia," na akatazama mahindi ya watu hadi mjini. Nilitaka anipige. Mtu akikupiga mnamalizana.

Mama Kiplimo alikufa Jumanne. Jumatano Kiplimo akapanda ngazi tena, macho mekundu, na karatasi ya programu ya mazishi. Nakala mia mbili. Kwenye orodha ya watoto ameandika: Kiplimo, halafu Sister Linet. Ndani, ukurasa wa tatu, iwekwe ile picha, na chini yake salamu kutoka kwa binti aliye utumishini. Nikamuuliza, na akina mama walikuwa wameambiwa nini? Akasugua uso. Wameambiwa Sister ametumwa nchi za mbali.

"Na mimi?" Linet akauliza.

Kiplimo alianza kulia, jitu zima. "Linet, si unajua. Wakikuona pale na picha iko hapo... Mama aliniapisha. Alisema msichana wa studio asije."

Nilimwambia Kiplimo maneno ambayo mtu hafai kumwambia mfiwa. Nilimwambia atoke, kazi hiyo haitafanywa hapa, aende akaipeleke kwingine.

"Mwache," Linet akasema. "Mama hawezi kuzikwa na programu mbaya."

Akaketi. Akapanga kurasa, nyimbo za kuingia, masomo, salamu, shukrani. Akaandika wasifu wa marehemu na kurekebisha tarehe ya ubatizo ambayo Kiplimo alikuwa amekosea. Kisha akafungua picha yangu, akaikuza hadi uso wake mwenyewe ukajaza kioo chote. Akapita na mausi kwenye ukingo wa veli, akapita kwenye utepe, akashuka kwenye msalaba, akakaa kwa muda mrefu juu ya pete. Nilisimama nyuma yake, nimeshika mdomo kwa kiganja. Nilikuwa naomba, naapa, nilikuwa naomba apate kosa. Hata dogo. Apate kitu aseme hapa Waceke umeharibu, akifute, akirudishe kuwa cheupe.

"Hakuna cha kurekebisha," akasema. "Kila kitu kiko sawa." Akaihifadhi, akasukuma kiti nyuma, akaenda kuchukua tembe zake. "Chapisha, Waceke. Mia mbili."

Nikachapisha.